Simu Isizime Fildi: Pawabenki, Sola au Betri ya Akiba?

Siku ya nne ya fildi, katika kijiji kisicho na umeme bonde la Ziwa Eyasi, simu yangu ilizima katikati ya mahojiano. Mzee alikuwa amenipa asubuhi yake nzima, na dodoso lote lilikuwa kwenye simu. Akaniangalia, akacheka: "Mwanangu, kalamu hujabeba?"

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Pawabenki 10,000 mAh, betri ya simu 5,000 mAh, basi nina chaji mbili kamili. Nilipata moja na kidogo. Na sikuuziwa feki, bwana. Hesabu yenyewe ndiyo ilikuwa feki.

Ile namba kubwa kwenye pawabenki ni ya betri zilizo ndani, ambazo zina volti 3.7. Waya wa USB unatoa volti 5. Ili kupandisha volti hizo, pawabenki inapoteza nguvu kama joto. Kwa wati-saa, 10,000 mAh ni kama 37, na zinazotoka kwenye waya ni kama 31. Simu ya 5,000 mAh inabeba kama 19, lakini nayo hupoteza kidogo wakati wa kuchaji, kwa hiyo inakula 22 hivi. Gawanya 31 kwa 22: hata mara moja na nusu haifiki. Ya 20,000 itakupa karibu mara tatu. Ukigeuza pawabenki, soma maandishi madogo yanayoanza na "Rated Capacity". Hiyo ndiyo namba ya kupigia hesabu.

Wengi wetu tunakimbilia pawabenki yenye kioo cha sola mgongoni, tukidhani tumemaliza kazi. Kioo cha ukubwa wa kiganja hutoa kama wati 1 jua likiwa kali. Kujaza wati-saa 37 kwa wati 1 ni saa 37 za jua kali, yaani zaidi ya wiki nzima. Mbaya zaidi, unalazimika kuianika betri yenyewe juani, na betri za lithiamu haziipendi joto: zinachoka mapema, na zikianza kuvimba, achana nazo.

Sola inayofaa ni ile ya kukunja, ya wati 10 au zaidi, isiyo na betri ndani. Ya wati 10 hutoa kama 6 kwa vitendo. Saa nne za jua zuri, ukiigeuza kulifuata, ni wati-saa 24. Baada ya hasara za njiani, simu inapata kama robo tatu ya chaji kwa siku. Usiichomeke simu moja kwa moja: wingu likipita nguvu hushuka, na simu nyingine huacha kuchaji bila kuanza tena. Chaji pawabenki mchana ikiwa kivulini, chini ya sola yenyewe, kisha usiku pawabenki ichaji simu.

Betri ya akiba je? Simu janja nyingi za sasa hazifunguki mgongo, kwa hiyo njia hiyo imebaki kwa kitochi. Na hapo ndipo penye siri. Kinachomaliza chaji kijijini mara nyingi ni simu kutafuta mtandao dhaifu kutwa nzima. Hamishia laini kwenye kitochi chenye betri moja ya akiba, kisha weka simu janja kwenye hali ya ndege; dodoso litajazwa vilevile na kutumwa siku ukifika penye mtandao. Betri ya akiba ifunge kwenye kimfuko chake, isigusane na funguo wala sarafu.

Safari yangu ya pili ilikuwa siku 12. Simu ikiwa kwenye hali ya ndege ilikula asilimia 30 kwa siku, jumla chaji 3.6. Moja niliondoka nayo ndani ya simu, zikabaki 2.6. Pawabenki ya 20,000 ilitosha, ingawa kwa kubana. Kama ningeiacha simu itafute mtandao na kula asilimia 60, ningehitaji chaji 7.2, na hapo bila sola ningeumbuka tena.

Kwa hiyo anza na siku, si na duka. Ile ya 20,000 inakufikisha siku kumi na kitu ukibana, tano au sita usipobana. Zaidi ya hapo, ongeza sola ya kukunja; masika ongeza pawabenki nyingine, maana jua la mawingu halina ahadi.

Kabla ya kuondoka, ijaribu hosteli: ijaze, chaji nayo simu kutoka asilimia 10 hadi ijae, uhesabu inafika mara ngapi. Ikikuangusha, ikuangushe ukiwa karibu na soketi.

Na kalamu nabeba siku hizi.