Kanuni tatu, washindi watatu: kulinganisha nukuu za bei za mahindi

Tuchukue shule ya bweni ya binafsi iliyopo Mafinga, kwenye barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Mwezi Juni unakaribia mwisho, mavuno yameanza kuingia sokoni, na shule inataka tani 40 za mahindi ya kuwalisha wanafunzi. Shule ya serikali ingelazimika kufanya ununuzi huu kupitia mfumo wa NeST, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Shule ya binafsi, kama ilivyo kwa AMCOS nyingi na asasi za kijamii, inajiandikia mwaliko wake wa nukuu za bei na kujichorea jedwali lake la alama. Uhuru huo ni mzuri, ila ndimo makosa mengi yanamozaliwa. Shule hii na bei zake nimezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuatwa. Mitego yenyewe ni ya kweli.

Mtego wa kwanza umo kwenye neno gunia. Mwaliko unaosema "tunahitaji magunia 400 ya mahindi, leta bei yako" hauwezi kuleta nukuu zinazolinganishika. Kuna atakayekusudia kilo 100 kwenye mizani, kuna atakayehesabu debe sita bila kuzipima, na mwingine bei yake ni ya palepale ghalani kwake. Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo: gunia ni chombo, wala si kipimo. Mwaliko ulioandikwa vizuri huomba bei kwa kilo moja, mzigo ukiwa umefikishwa na kushushwa kwenye ghala la shule, uzito ukisomwa kwenye mizani iliyohakikiwa huku pande zote mbili zikishuhudia.

Baada ya uzito huja unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, ambapo ile ya aina ya B1 haitakiwi kuvuka 5. Haya yaandikwe kwenye mwaliko kama masharti ya kupita au kushindwa, na yasipewe alama hata kidogo. Ukiipa sumukuvu alama 10 kati ya 100, umemruhusu muuzaji afidie sumu kwa bei nafuu, na jedwali litakuambia bila aibu kwamba ameshinda.

Muda wa nukuu kudumu nao unahitaji busara. Huku Nyanda za Juu Kusini bei ya mahindi haitulii msimu wa mavuno, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukifungua vituo vya kununua upande wa Makambako, soko zima husikia. Ukimtaka muuzaji ashikilie bei yake siku 90, atajikinga kwa kuipandisha tangu mwanzo, nawe ndiye utakayelipia hofu yake. Siku 21 zinamtosha mnunuzi mwenye kamati iliyojipanga. Mwaliko utaje pia siku na saa ya mwisho ya kupokea bahasha, mahali zitakapofunguliwa, muda wa malipo baada ya mzigo kupokelewa, na risiti ya EFD. Hayo ni ya kawaida, sitayarefusha.

Nukuu nne zimefika. Muuzaji wa Uyole anatoa shilingi 780 kwa kilo, ya chini kuliko zote. Wa Mbalizi ametaja 820, wa Iringa mjini 850, na wa hapo hapo Mafinga 900. Kamati ikiziona bahasha hizi huwa na hamu ya kuandika barua ya Uyole jioni hiyo hiyo.

Ngoja kwanza. Ukisoma karatasi ya Uyole hadi mwisho, bei ni ya ghalani kwake, tofauti na mwaliko ulivyotaka. Lori hadi Mafinga litaongeza, tuseme, shilingi 60 kwa kilo, na bei inakuwa 840. Sampuli yake kwenye kipima unyevu imesoma asilimia 16, jambo la kawaida kwa mahindi yaliyopukuchuliwa upesi kwenye baridi ya Juni. Tani 40 zenye unyevu huo zikikaushwa hadi 13.5 zinabaki takribani tani 38.8. Yaani zaidi ya tani moja ya mzigo ni maji, nayo yamelipiwa nauli. Gawanya shilingi milioni 33.6 kwa kilo zilizobaki, utapata kama 865 kwa kilo, juu ya bei ya Iringa. Na hapo hujamlipa mtu wa kuanika, wala hujafikiria ukungu. Uyole anatolewa kwa sharti la unyevu, na kumbukumbu za kikao ziseme hivyo kwa namba iliyosomwa, si kwa maneno "ubora hafifu".

Wamebaki watatu waliotimiza masharti yote. Kamati, kabla ya kufungua bahasha, ilikuwa imepanga vigezo vyake: bei alama 50, ratiba ya kufikisha mzigo 30, uzoefu 20. Ratiba ina maana yake hapa, kwani ghala la shule linabeba tani 15 tu. Iringa na Mafinga wameahidi kuleta kwa mafungu matatu, ilhali Mbalizi anataka kushusha tani zote 40 kwa mkupuo. Baada ya wajumbe kutoa alama zao, kwa ratiba na uzoefu pamoja Mafinga amepata 45, Iringa 39, Mbalizi 32.

Zimebaki alama za bei, na hapa wengi hawajui kwamba kuna zaidi ya njia moja ya kuzihesabu. Kanuni iliyozoeleka ni ya uwiano: bei ya chini igawanywe kwa bei ya mzabuni, kisha izidishwe kwa 50. Mbalizi anapata 50 kamili, Iringa 48.2, Mafinga 45.6. Jumla zinakuwa Mafinga 90.6, Iringa 87.2, Mbalizi 82. Ameshinda aliye ghali kuliko wote.

Tazama kilichotokea. Kwenye karatasi bei ilipewa nusu ya uzito wote, lakini kati ya mwenye bei ya chini na mwenye bei ya juu pana pengo la alama 4.4 tu. Vigezo vingine viwili vimewatenganisha kwa alama 13. Kanuni ya uwiano huzibana bei zinazokaribiana, na kwa bidhaa kama mahindi bei hukaribiana karibu kila mara. Uzito unaofanya kazi kweli ni pengo ambalo kigezo kinaweza kulitengeneza kati ya wazabuni, hata kama juu ya safu yake pameandikwa 50. Kwa hiyo maoni ya wajumbe kuhusu ratiba na "uzoefu" ndiyo yaliyotoa tenda ya mamilioni.

Wapo wanaokimbilia kanuni nyingine, inayompa mwenye bei ya chini alama 50 na mwenye bei ya juu sifuri, waliobaki wakipangwa katikati kwa mstari. Kwa kanuni hiyo Mbalizi anabaki na 82, Iringa anashuka hadi 70.3, Mafinga anaanguka hadi 45. Mshindi amebadilika, na hakuna aliyebadilisha bei wala mahindi.

Kanuni hii ya pili ina ugonjwa wake, tena mbaya zaidi. Tuseme muuzaji wa Iringa amemshawishi shemeji yake alete nukuu ya shilingi 1,100, bila nia yoyote ya kuuza. Sifuri sasa inahamia kwa shemeji. Bei ya Iringa inaonekana iko karibu sana na ya Mbalizi, alama zake za bei zinapanda hadi 44.6, na jumla yake inafika 83.6, juu ya 82 za Mbalizi. Nukuu ambayo haina tamaa ya kushinda imemchagua mshindi. Nukuu za kivuli hutambulika: makosa yale yale ya tahajia kwenye karatasi mbili, mpangilio mmoja wa jedwali, namba ya simu iliyojirudia, au bahasha mbili zilizoletwa na kijana mmoja.

Kwa maoni yangu, kwa bidhaa zinazopimika kama mahindi, mabati au saruji, swali la alama ngapi linakuja baadaye. Kwanza ujiulize ni shilingi ngapi. Kufikisha kwa mafungu kuna thamani gani kwa shule hii? Mzigo ukija wote mara moja, tani 25 zitahitaji ghala la kukodi, wapagazi wa kuhamisha mara mbili na dawa ya wadudu. Mhasibu anapiga hesabu hiyo kabla ya bahasha kufunguliwa na kupata, tuseme, shilingi milioni 1.5. Huo ndio uzito wa ratiba, nao unaandikwa kwenye mwaliko: nukuu isiyo na mafungu matatu itaongezewa shilingi 1,500,000 wakati wa kulinganisha. Uzoefu unageuzwa kuwa sharti la kupita, kwa mfano ushahidi wa kuwahi kupeleka angalau tani 20 kwa mnunuzi mmoja. Aliyepeleka tani 200 hawapikii wanafunzi ugali mtamu zaidi.

Sasa linganisha. Mbalizi ni milioni 32.8, ongeza 1.5, inakuwa 34.3. Iringa ni milioni 34.0. Mafinga ni 36.0. Anashinda Iringa, ambaye hakuna hata moja ya kanuni mbili za alama iliyomchagua mpaka shemeji alipoingia. Na safari hii shemeji angeleta bei ya juu kiasi chochote asingeweza kusogeza chochote. Ununuzi wa bidhaa serikalini nao kwa kawaida huenda kwa mantiki inayokaribiana na hii: wasiotimiza masharti hutolewa, kisha hutazamwa gharama ya chini iliyotathminiwa. Alama zenye uzito zimezoeleka zaidi kwenye ushauri wa kitaalamu, ambako ubora wa mtu na mbinu yake haupimwi kwa mizani.

Kama kamati yako inalazimika kutumia alama, labda kwa sababu mfadhili anadai jedwali, fanya jaribio moja kabla ya kutangaza mwaliko. Tunga bei tatu zinazotofautiana kama zinavyotofautiana sokoni, kisha uone kila kigezo kinaweza kusogeza alama ngapi. Halafu andika maana ya kila daraja la alama, ili "ratiba nzuri" isiwe ya mpishi mkuu peke yake: mafungu matatu 30, mawili 15, moja sifuri. Kila mjumbe ajaze karatasi yake kimya na kuitia saini kabla ya mazungumzo kuanza, kwa kuwa mkuu wa shule akitangulia kusema, karatasi zilizobaki hufanana na yake.

Mbalizi atapiga simu kuuliza kwa nini ameachwa na bei yake ilikuwa chini ya Iringa. Atajibiwa kwa barua, kwa kutajiwa mstari wa mwaliko unaohusu mafungu na ile milioni moja na nusu. Anaweza kukasirika, lakini msimu ujao atajua la kuandika, na huenda akaleta mafungu matatu kwa shilingi 830.