Bomba Jembamba Hula Nguvu ya Maji

Umewahi kuona maji yana nguvu karibu na tangi, lakini mwisho wa bomba yanatoka kwa shida? Hakuna aliyeiba nguvu hiyo. Imeliwa na msuguano wa maji na ukuta wa bomba. Hapa Feri, Dar es Salaam, jirani na soko la samaki, tuliamua kuipima.

Tuliweka pipa moja juu ya jukwaa na lingine chini. Maji yalishuka kwa bomba la plastiki lililolazwa sawasawa, na pampu ndogo ikayarudisha juu. Pipa la juu tulilitoboa tundu la kumwaga ziada, ili kimo cha maji kisibadilike. Halafu tukatoboa bomba mahali pawili, umbali wa mita 6, tukachomeka mipira miembamba inayoonyesha maji, ikasimama wima. Katika mpira wa pili maji yalisimama chini kuliko wa kwanza. Tofauti hiyo ndiyo nguvu iliyopotea njiani.

Tulirekebisha koki mpaka ndoo ya lita 10 ikajaa kwa sekunde 50. Kwa bomba la milimita 20, tofauti ilikuwa sentimita 18. Kwa bomba lililouzwa kuwa ni la milimita 15, maji yakiwa yale yale, ilikuwa sentimita 82!

Tukafungua kitabu. Mjerumani Blasius alitoa kanuni ya mabomba laini mwaka 1913. Hesabu yake ilitupa sentimita 18 kwa bomba la kwanza, sawa na kipimo chetu. Kwa la pili ilitupa 70. Je, kosa liko wapi?

Tulidhani kuna hewa katika mipira. Tukafunga koki, maji yakatulia. Kimo kilikuwa sawa katika mipira yote miwili, basi hewa haikuwamo. Ndipo tukapima bomba lenyewe. Tuliziba mwisho mmoja wa kipande cha mita 6, tukakijaza maji, tukayamimina katika chombo cha kupimia. Bomba la milimita 15 lingebeba mililita 1060. Letu lilibeba 990 tu. Maana yake, upana wake wa ndani ni milimita 14.5. Tulipohesabu upya, tulipata 82.

Kumbe nusu milimita tu ilikula sentimita 12!

Mwisho tuliongeza kona 3 katika bomba hilo jembamba. Zilikula sentimita 21. Kitabu kilisema 20. Kwa hiyo kona moja ilikula kama nusu mita ya bomba lililonyooka.

Lakini tahadhari: kanuni hii ni ya bomba laini. Bomba la chuma lenye kutu ndani hula zaidi.

Basi, ukienda kununua bomba, usiridhike na namba iliyoandikwa nje. Chukua rula, pima tundu la ndani.