Lawama za Jikoni, Chanzo Mfukoni

Mama mkwe wa mjini Dar es Salaam mara nyingi halalamiki mbele ya mkwewe. Anafunua sufuria, anaangalia, anafunika, halafu usiku anampigia binti yake simu: “Huku kwa kaka yako tunakula kwa kupima.” Asubuhi wifi naye anapiga. Anasalimia vizuri, anauliza hali ya mtoto, kisha anaingiza swali lake: hivi ni kweli hapo kwenu mafuta mnanunua ya kwenye mfuko?

Bibi arusi ameshafundwa namna ya kujibu mambo haya. Kwenye kicheni pati na kwa kungwi ameambiwa anyamaze, aamke mapema, ampende mama wa mume kama mama yake mzazi. Ushauri huo una mahali pake, ila una upungufu mmoja mkubwa: unachukulia kwamba kinacholalamikiwa kiko mikononi mwa mke. Mara nyingi hakipo.

Tuchukue nyumba ya vyumba viwili vya kupanga huko Mbagala. Mume ana kazi ya mshahara, mke yuko nyumbani na mtoto wa mwaka mmoja. Mama mzazi wa mume amekuja kutoka kijijini kwa ajili ya kliniki ya shinikizo la damu, na atakaa wiki kadhaa. Kila asubuhi mume anaacha shilingi 10,000 mezani, anaondoka. Mke anakwenda dukani kwa Mangi: mchele nusu kilo, mafuta ya kupima, sukari robo. Anapita gengeni kuchukua nyanya za fungu na dagaa, anarudi na kopo la mkaa. Ikifika saa mbili usiku hela imekwisha na kabati ni tupu.

Mama huyu ametoka kwenye nyumba yenye gunia la mahindi kwenye kona na debe la maharage chini ya kitanda. Kwake yeye mwanamke anayejua nyumba huonekana kwa akiba yake. Anapoona mkwewe anatumwa dukani na kila mlo, kama mtoto, hawezi kusema mwanaye hana mpango wa fedha. Anasema mke hajui kutunza nyumba. Kwa macho yake hana kosa kabisa, kwa sababu anachokiona ni sufuria. Zile noti mbili za elfu tano zinazoachwa mezani kila siku hazioni, na hata akiziona atasema ni nyingi.

Ndiyo maana kujibizana juu ya upishi hapa hakusaidii. Mke akisema “mbona hela ni ndogo”, ameshamshitaki mwana kwa mama yake, na vita vinakuwa vipya. Akinyamaza, mwezi ujao maneno ni yale yale. Mtu wa kwanza wa kuzungumza naye ni mume, faraghani, na mazungumzo yenyewe yawe ya hesabu. Asianze na “mama yako ananisema”, maana mwanamume akisikia hivyo anasimama kumtetea mama. Aanze na daftari: wiki hii tumenunua hivi na hivi.

Shilingi 10,000 kwa siku ni 300,000 kwa mwezi. Tuseme siku ya mshahara wanatenga 140,000 kwa mkupuo. Kwa bei za kawaida, ambazo hupanda na kushuka, wanaweza kupata mchele kilo 15, unga kilo 10, dumu la mafuta la lita 5, maharage na sukari kilo nne nne, na kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6. Inabaki 160,000, yaani kama 5,300 kwa siku za mboga, samaki, maziwa ya mtoto na mkaa wa kuchemshia maharage ili gesi isiishe mapema. Hela ni ile ile. Tofauti ni kwamba kabati sasa lina kitu, na mke amepunguza safari za dukani ambazo kila moja huwa na kitu kidogo cha ziada.

Mpango huu una udhaifu wake. Mume mwenye kibarua cha kulipwa kila jioni hawezi kutoa 140,000 kwa siku moja; huyo aanze na kitu kimoja, pengine mchele wa wiki mbili. Na kabati likijaa, wageni nao huongezeka. Shemeji wawili wakizoea kupita saa ya chakula, mchele wa mwezi unaisha tarehe 20, na lawama zinarudi kwa sura nyingine: mke anagawa ovyo, au mke mchoyo. Hilo nalo lizungumzwe mapema, nani analishwa na bajeti ile.

Kisha mume aseme na mama yake mwenyewe. Hapa wanaume wengi hukwepa, na kwa maoni yangu hapa ndipo ndoa changa nyingi huumia. Hahitaji hotuba. “Mama, mimi ndiye niliyekuwa naacha hela ya siku kwa siku, yeye alikuwa ananunua kadiri ninavyompa. Sasa tumebadilisha.” Mama atanung’unika, lakini ameyasikia kwa mwanaye. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mke yangekuwa jeuri.

Kuna lawama nyingine katika nyumba hii ambayo haihusu fedha: chakula hakina chumvi. Kliniki wamemwambia mama apunguze, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Mke anafuata, mama anasema mkwe hajui kupika. Hapa mke ana nafasi ya kushirikisha. “Mama, daktari ametubana. Hebu nielekeze, kule nyumbani samaki mlikuwa mnaunga vipi?” Mama akiingia jikoni na limau, kitunguu saumu na tui lake, mboga inakuwa yake pia. Asipokubali, akaomba chumvi mezani kila mlo, mume ampeleke kliniki na kuingia naye, muuguzi aseme.

Wifi wa kwenye simu ajibiwe kwa ufupi na upole: “Tuko salama wifi, mama anakula vizuri, karibu umwone.” Kumpa maelezo ya matumizi ya nyumba ni kumpa la kuripoti kesho.

Hali hubadilika pale maneno yanapokuwa matusi, au mume anapoanza kupiga kwa kuchochewa. Ngazi ya kwanza kwa familia nyingi ni mshenga, au wasimamizi wa ndoa kwa waliofunga kanisani, kwa sababu hao wanaweza kuwaita wazee wa upande wa mume wakaja bila kuona wamedharauliwa. Wakishindwa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na sheria hiyo hiyo inasema wazi kuwa mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kipigo. Na kwa mkwe anayeambiwa kila siku kwamba amevikuta vyote na atatoka mikono mitupu, yafaa ajue kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe, kwa mazingira ya kesi yake, hakupata mgao alioudai.