Chati ya Maji ya Mtoto Anayeharisha



Mtoto wako ameharisha usiku kucha. Macho yameingia ndani. Amelegea, na hawezi hata kunywa. Alfajiri unambeba kutoka kijijini Uru, unashuka mteremko kati ya migomba, mpaka Hospitali ya Mawenzi mjini Moshi. Huko mtoto anawekewa dripu. Kisha muuguzi anakupa karatasi yenye mistari na kalamu. Anakuambia: "Mama, kila anachokunywa na kila kinachotoka, andika hapa."

Karatasi hiyo ni chati ya maji. Muuguzi ana watoto wengi wa kuwatazama. Wewe uko kando ya mtoto wako saa zote. Ukijua kusoma na kuandika namba, unaweza kuisaidia kazi hii vizuri sana. Somo hili litakuonyesha cha kuandika na jinsi ya kujumlisha.

1. MAJI NI KAMA DENI

Mtoto anayeharisha sana hupoteza maji na chumvi. Maji hayo ni deni la mwili. Mtoto aliyekaukiwa sana huhesabiwa kuwa na deni la mililita 100 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Kama ana kilo 10, deni lake ni 10 mara 100, yaani mililita 1000. Hiyo ni lita moja nzima.

Deni hili lina tabia mbaya. Wakati unalilipa, mtoto bado anaharisha, na deni jipya linaingia. Kwa hiyo kujua ulichompa hakutoshi. Lazima ujue pia kilichotoka. Ndiyo maana chati ina pande mbili: KILICHOINGIA na KILICHOTOKA.

2. PIMA KIKOMBE CHAKO

Usiandike "kikombe kimoja" kabla hujajua kikombe chako kinachukua kiasi gani. Chukua chupa ya lita moja iliyojaa maji. Mimina katika kikombe, hesabu, mpaka chupa iishe. Ukijaza vikombe 5, kila kimoja ni mililita 200, kwa sababu 1000 gawa kwa 5 ni 200. Nusu kikombe ni 100. Robo ni 50. Tumia kikombe hicho hicho siku zote.

Chupa hiyo hiyo itakufaa kuchanganya ORS. Soma maandishi ya pakiti. Ikiwa imeandikwa lita moja, changanya pakiti nzima katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usitumie maji mabichi ya mfereji, ule ambao Wachagga huuita mfongo. Maji yake hupita mashamba mengi na mazizi mengi kabla ya kufika kwako.

3. CHA KUANDIKA UPANDE WA KILICHOINGIA

Andika alichokunywa, siyo ulichompa. Ukimpa 100 na zikabaki 40 kikombeni, andika 60. Zilizomwagika kifuani hazihesabiwi.

Dripu husomwa kwenye mistari ya mfuko au chupa. Mfuko wa 500 ukitundikwa, usiandike 500. Andika zilizoingia tu. Mstari ukionyesha kuwa zimeshuka 300, andika 300. Zikishuka nyingine 100, andika 100, usiandike 400. Wengi hukosea hapa, na maji yale yale huhesabiwa mara mbili.

Maziwa ya mama hayapimiki. Andika "amenyonya" na saa yake. Usibuni namba.

4. CHA KUANDIKA UPANDE WA KILICHOTOKA

Pima nepi kavu kwanza kwenye mizani ndogo ya wodini. Tuseme ni gramu 60. Ikichafuka, ipime tena. Tuseme ni gramu 210. Toa 60 katika 210, zinabaki 150. Gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja. Andika: kuharisha 150. Mkojo ukichanganyika na kinyesi, andika "mchanganyiko", na hesabu ni ile ile.

Kama mizani haipo, andika kila safari na ukubwa wake: "nyingi" au "kidogo". Bado ni msaada mkubwa kwa muuguzi.

Mtoto akitapika ORS, usifute ulichoandika. Alikunywa, basi kinabaki upande wa kilichoingia. Alitapika, basi andika matapishi upande wa kilichotoka. Subiri dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko.

Mkojo nao andika. Mkojo ni habari njema, maana figo zinapata maji. Mtoto akipitisha saa 6 bila kukojoa, mwambie muuguzi.

Jambo moja kuhusu saa. Saa ya ukutani inaonyesha 8, nasi tunasema saa 2 asubuhi. Muulize muuguzi anataka saa ipi, kisha ufuate hiyo moja. Usichanganye.

5. TAZAMA MFANO HUU

Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Anapofika, mizani inaonyesha kilo 10. Mganga anaagiza dripu ya mililita 300 kwa nusu saa ya kwanza, kisha 700 kwa saa mbili na nusu. Dripu inaanza saa 2 asubuhi. Hii ndiyo chati yake mpaka saa 8 mchana:

| Saa | Dripu | ORS | Kuharisha | Matapishi | Mkojo |
|---|---|---|---|---|---|
| 2:30 | 300 | | | | |
| 3:00 | | | 150 | | |
| 3:30 | 280 | | | | |
| 4:00 | | 50 | | 30 | |
| 4:30 | 280 | | | | |
| 5:00 | 140 | 50 | 120 | | |
| 6:00 | | 100 | | | 60 |
| 7:00 (amenyonya) | | 100 | 90 | | |
| 8:00 | | 100 | | | 50 |
| JUMLA | 1000 | 400 | 360 | 30 | 110 |

Jumlisha kila safu kwenda chini kwanza. Kisha jumlisha pande mbili:

Kilichoingia: 1000 + 400 = 1400.

Kilichotoka: 360 + 30 + 110 = 500.

Sasa toa: 1400 – 500 = 900. Hili ndilo salio. Kilichoingia ni kikubwa zaidi, kwa hiyo andika alama ya kujumlisha mbele yake: +900.

Deni lilikuwa 1000. Zimelipwa 900. Zimebaki 100.

Je, hesabu hii ni ya kweli? Mizani itakuambia. Mtoto anapimwa tena saa 8 na ana kilo 10 na gramu 800. Ameongezeka gramu 800, karibu na ile 900. Tofauti ni ndogo. Maji mengine hutoka kwa pumzi na jasho, na maziwa aliyonyonya hayakupimwa. Lakini kama chati ingesema +900 na mizani isiongezeke hata kidogo, ungejua kuna kitu hakikuandikwa. Huenda nepi ilitupwa bila kupimwa.

6. JIONI HALI INABADILIKA

Mtoto amechangamka. Dripu imeondolewa. Mama anapumua. Lakini anaendelea kuandika. Kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 12 jioni, chati inasema hivi:

Kilichoingia: ORS 350.

Kilichotoka: kuharisha 540, matapishi 50, mkojo 30. Jumla 620.

Hapa 620 haitoki katika 350. Basi geuza: toa ndogo katika kubwa. 620 – 350 = 270. Kilichotoka ndicho kikubwa, kwa hiyo weka alama ya kutoa: –270.

Sasa angalia vizuri. Mtu akijumlisha siku nzima atapata +900 toa 270, yaani +630. Ataona alama ya kujumlisha na kusema, "Mtoto yuko salama." Huyo amekosea. Deni lilikuwa 1000, na zilizolipwa sasa ni 630 tu. Deni limerudi kuwa 370. Tena kwa saa nne zilizopita mtoto anapoteza kuliko anavyopata. Usiku ukipita hivyo, asubuhi atakuwa kama alivyofika.

Kwa hiyo soma salio mbili: salio la saa chache zilizopita, na salio la tangu mwanzo. La kwanza linakuambia mtoto anaelekea wapi. La pili linakuambia deni limefika wapi.

Mama huyu anampelekea muuguzi karatasi bila kungoja zamu ya kupima. Muuguzi anafinya ngozi ya tumbo la mtoto. Inarudi polepole. Macho yameanza kuingia ndani. Mtoto anakunywa kwa pupa. Bado anaweza kunywa, kwa hiyo anapewa ORS mililita 75 kwa kila kilo kwa muda wa saa 4. Kwa kilo 10 ni mililita 750, karibu kikombe kimoja kila saa. Kila anapoharisha anaongezewa nyingine 50 hadi 100. Kama asingeweza kunywa, angerudishiwa dripu. Mama anafungua mstari mpya wa chati na kuandika saa.

7. MIPAKA YA CHATI

Chati haimponyi mtoto, na haikupi ruhusa ya kugusa dripu. Usiiongeze kasi hata kama salio ni la kutoa. Maji mengi mno nayo hudhuru. Ukiona kope zimevimba au mtoto anapumua haraka, ita muuguzi mara moja, hata kama hesabu yako inaonekana nzuri. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa maji. Hapewi dripu kama mfano huu.

Tena andika papo hapo. Anayengoja mpaka jioni ili akumbuke, huandika anachotamani.

Nyumbani nako anza kuhesabu kabla ya safari. Ukifika zahanati na kusema, "Tangu jana saa 12 jioni ameharisha mara 9, ametapika mara 3, na hajakojoa tangu usiku wa manane," umeshaanza chati. Na njiani usiache kumpa ORS kama anaweza kunywa.

ZOEZI

Mtoto alikunywa ORS 200, kisha 150, kisha 50. Aliharisha 180 na 160. Alitapika 40. Alikojoa 70.

(a) Kilichoingia ni ngapi?
(b) Kilichotoka ni ngapi?
(c) Salio ni ngapi, na mbele yake utaweka alama gani?
(d) Utamwambia nini muuguzi?

Majibu: (a) 400. (b) 450. (c) –50. (d) Utamwambia kwamba kinachotoka kimezidi kinachoingia, naye aje amtazame mtoto.