Ripoti ya almasi: usisome karatasi peke yake, angalia na jiwe

Almasi nyingi ya nchi yetu inatoka Kasai na upande wa Kisangani, na inauzwa ikiwa bado haijakatwa. Kwa hiyo, mtu akikuonyesha hapa Goma jiwe pamoja na ripoti ya GIA, ile maabara kubwa ya Amerika, uliza kwanza: jiwe limekatwa ao bado? Kama bado, na ripoti inasema "Cut Grade: Excellent", basi hiyo karatasi si ya jiwe hilo. Huwezi kupima mkato ambao haujafanyika. Jiwe ghafi linavuka mpaka na sertifika ya Kimberley, ambayo kwetu inatolewa na CEEC, na hiyo haikuhakikishii uzuri wa jiwe.

Tuseme sasa jiwe limekatwa duara. Ripoti inaandika karati 1.01, upana milimita 6.41 mpaka 6.45, mkato "Very Good", na "Fluorescence: Strong Blue".

Anza na kiuno, ule ukingo mwembamba unaozunguka jiwe mahali penye upana zaidi. Ripoti ikitaja "Inscription", ile namba ya ripoti imeandikwa pale kwa leza. Kwa macho matupu hauioni. Tumia lupe ya mara kumi, geuza jiwe polepole, soma tarakimu moja moja. Kama jiwe liko kwenye pete, chuma kinaweza kuifunika. Kisha ingiza namba kwenye ukurasa wa GIA unaoitwa Report Check, ulinganishe kila mstari.

Lakini namba inaweza kuigwa. Wadanganyifu wamekwisha kuandika namba ya almasi ya asili kwenye jiwe lililotengenezwa maabarani. Ndiyo maana unapima pia upana na uzito: jiwe la milimita 6.8 haliwezi kuwa la ripoti yetu, hata namba ikifanana.

Halafu taa. Ile taa ya zambarau ambayo kambisti anaangalizia dola inatosha kwa jaribio dogo, gizani. Jiwe letu lazima liwake bulu waziwazi. Likikaa kimya, ao ripoti ingine ikisema "None" na jiwe linawaka sana, usitoe pesa. "Faint" usiihukumu kwa taa hiyo, ni dhaifu mno. Kuwaka si ugonjwa wa jiwe: kwenye jiwe lenye umanjano kidogo, bulu inaweza kulifanya lionekane jeupe zaidi. Ila kwa jiwe jeupe sana wanunuzi wengi wanapunguza bei, na mara chache jiwe linalowaka kwa nguvu linakuwa kama lina ukungu. Liangalie nje, kwenye jua.

Kuhusu mkato, daraja ni tano: Excellent, Very Good, Good, Fair, Poor. GIA inalitoa kwa mawe ya duara tangu 2006. Linaeleza namna jiwe linavyorudisha mwanga. "Polish" na "Symmetry" ni mistari mingine, muuzaji asikuchanganyie.

Bei hautaiona popote. GIA haiandiki bei.