Shilingi ikitoka mahali, imeingia wapi? Hesabu za pande mbili kwa kikundi chenu

Mada inayorudi mara kwa mara kwenye simu za wasikilizaji wetu ni ugomvi wa fedha za vikundi. Wanachama wamechanga, biashara imefanyika, siku ya mkutano sanduku linafunguliwa na fedha ni pungufu kuliko zilizochangwa. Mweka hazina anaulizwa, anaonyesha daftari lenye safu mbili, fedha zilizoingia na zilizotoka, na bado hakuna anayeelewa. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Daftari lenyewe ndilo linaloeleza nusu tu ya habari.

Leo tunaeleza njia ya kuandika hesabu ambayo inaeleza nusu zote mbili. Wahasibu huiita mfumo wa maingizo mawili. Si mpya hata kidogo. Katika mji wa Genoa, Italia, zimebaki hesabu za serikali ya mji zilizoandikwa hivyo mwaka 1340, na mwaka 1494 mtawa mmoja mwalimu wa hisabati, Luca Pacioli, alichapisha huko Venisi kitabu ambamo alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakifanya. Yeye hakuibuni, aliieleza tu.

Anayetaka kuiona kwa macho aende kwa wakala wa fedha za simu. Ukimpa wakala noti za shilingi 50,000 akuwekee kwenye simu, droo yake inaongezeka 50,000 na floti yake inapungua 50,000. Ukienda kutoa, floti inapanda na droo inashuka. Wakala hawezi kusema "leo nimepokea 50,000" akaishia hapo, kwa sababu kuna kitu alichokitoa ili azipate. Ndiyo maana jioni anajumlisha droo na floti pamoja. Akitazama droo peke yake anaweza kujiona tajiri siku ambayo watu wengi wameweka, na maskini siku ambayo wengi wametoa, wakati mtaji wake ni uleule.

Basi kila muamala una maswali mawili: kitu gani kimepatikana, na kimetoka wapi? Jibu la kila swali linaandikwa kwenye akaunti yake. Akaunti hapa si lazima iwe ya benki. Ni ukurasa mmoja wa daftari uliotengewa jambo moja: ukurasa wa fedha taslimu, ukurasa wa mahindi, ukurasa wa watu wanaotudai, na kadhalika. Daftari lenye kurasa hizo zote huitwa leja. Kila ukurasa unachorwa mstari katikati. Upande wa kushoto unaitwa debiti na wa kulia krediti. Kinachopatikana kinaandikwa kushoto mwa ukurasa wake, na kilikotoka kinaandikwa kulia mwa ukurasa wake, kwa kiasi kilekile.

Hapa wengi hukwama kwa sababu ya ujumbe wa benki. Ukiweka fedha, benki inakwambia akaunti yako imekreditiwa, nawe unaona fedha zimeongezeka, kwa hiyo unadhani krediti maana yake ni kuongezeka. Lakini benki inakusomea leja yake, si yako. Kwake wewe ni mtu anayeidai, na fedha zile zimetoka kwako. Katika leja yako mwenyewe, fedha hizohizo benki zinakaa kushoto. Usahau maana ya maneno hayo mtaani, shika kushoto na kulia tu.

Tuchukue kikundi cha mfano cha watu 10 wanaonunua na kuuza mahindi. Kila mmoja anatoa shilingi 60,000, jumla 600,000. Zimepatikana fedha taslimu, basi ukurasa wa taslimu unaandikwa 600,000 kushoto. Zimetoka kwa wanachama, basi ukurasa wa mtaji unaandikwa 600,000 kulia. Hapa watu hushangaa kwamba mchango wao umekaa upande uleule wa madeni. Ni sahihi. Kikundi ni kitu kimoja na wanachama ni kitu kingine, na kikundi kinawajibika kwao kwa kile walichokiweka.

Wananunua mizani kwa 100,000. Kimepatikana kifaa, kushoto mwa vifaa 100,000. Kimetoka sandukuni, kulia mwa taslimu 100,000. Kwenye daftari la zamani hii ingesomeka kama fedha zilizopotea tu. Hapa inaonekana kwamba zimebadilika sura.

Kisha wananunua magunia 8 ya mahindi kwa mkulima, kila gunia 60,000, jumla 480,000. Wanalipa 400,000 na kubaki na deni la 80,000. Kushoto mwa mahindi zinaandikwa 480,000. Mahindi hayo yametoka wapi? Sehemu imetoka sandukuni, kwa hiyo kulia mwa taslimu 400,000, na sehemu imetokana na imani ya mkulima, kwa hiyo kulia mwa ukurasa wa wanaotudai 80,000. Muamala mmoja umegusa kurasa tatu. Ndiyo kusema sheria ni akaunti mbili au zaidi, ila pande mbili lazima zilingane: 480,000 kushoto, 480,000 kulia.

Wanauza magunia 5 kwa 85,000 kila moja. Matatu yanalipwa papo hapo, 255,000, na mawili yanachukuliwa na shule ya jirani kwa mkopo, 170,000. Kushoto mwa taslimu 255,000, kushoto mwa ukurasa wa tunaowadai 170,000, na kulia mwa ukurasa wa mauzo 425,000. Lakini mahindi nayo yameondoka ghalani, na hilo ni jambo la pili linalotakiwa kuandikwa. Magunia 5 yaliyonunuliwa kwa 60,000 ni 300,000. Yanatolewa kulia mwa mahindi na kuandikwa kushoto mwa ukurasa wa gharama ya mahindi yaliyouzwa. Mwisho wanalipa bodaboda na mkokoteni 15,000: kushoto mwa usafiri, kulia mwa taslimu.

Sasa siku ya mkutano. Sanduku linafunguliwa, zinahesabiwa 340,000. Mwanachama anasimama: tulitoa 600,000, nyingine 260,000 ziko wapi? Mweka hazina hahitaji kujitetea. Anafungua leja, anapunguza upande mdogo kutoka upande mkubwa wa kila ukurasa, na anasoma kilichobaki.

Kushoto: taslimu 340,000, mizani 100,000, mahindi magunia 3 yaliyobaki 180,000, shule 170,000, gharama ya mahindi yaliyouzwa 300,000, usafiri 15,000. Jumla 1,105,000.

Kulia: mtaji 600,000, deni la mkulima 80,000, mauzo 425,000. Jumla 1,105,000.

Orodha hii huitwa urari. Pande zimelingana, na hazilingani kwa bahati. Kila kilichoandikwa kushoto kiliandikwa na kulia siku hiyohiyo, kwa hiyo zisingeweza kutofautiana isipokuwa kama mtu amekosea kuandika au kujumlisha.

Kutoka hapo faida inajitokeza yenyewe. Mauzo 425,000, toa gharama ya mahindi 300,000 na usafiri 15,000, inabaki 110,000. Na mali ya kikundi ni taslimu, mizani, mahindi na deni la shule, jumla 790,000. Toa 80,000 za mkulima, inabaki 710,000, ambayo ni mtaji wa 600,000 na faida ya 110,000. Yaani siku ambayo sanduku limepungukiwa na 260,000 ndiyo siku kikundi kimepata faida. Sisi tunaona hapa ndipo thamani ya kazi yote ilipo, maana njia zote mbili, ya kuhesabu mauzo na ya kuhesabu mali, zimefika kwenye namba moja.

Urari usipolingana, usifute wala usibuni namba ya kuziba. Tafuta tofauti kwanza. Ikiwa inagawanyika kwa 2, gawanya, kisha tafuta kiasi hicho. Mathalani usafiri wa 15,000 umeandikwa kulia mwa ukurasa wake badala ya kushoto: kushoto itapungua 15,000, kulia itazidi 15,000, tofauti itakuwa 30,000, na nusu yake inakupeleka moja kwa moja kwenye usafiri. Ikiwa tofauti inagawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mauzo ya 425,000 yakiandikwa 452,000, tofauti ni 27,000, ambayo ni 9 mara 3,000. Si ushahidi kamili, ila inakuokolea usiku mzima wa kupekua.

Yapo makosa ambayo urari hauyaoni. Muamala uliosahauliwa kabisa haupo kushoto wala kulia, kwa hiyo pande zitalingana vizuri tu. Usafiri ukiandikwa kwenye ukurasa wa vifaa, bado ni kushoto, urari utakaa kimya huku faida ikionekana kubwa kuliko ilivyo. Na mtu akiandika kwa makusudi kwamba ametumia 50,000 kwa usafiri wakati ametumia 15,000, akajaza pande zote mbili, leja itamkubalia. Hiyo ndiyo sababu risiti zinatunzwa, sanduku linahesabiwa mbele ya watu, na mtu mwingine asiye mweka hazina anaingia ghalani kuhesabu magunia. Leja inasema magunia 3. Yakikutwa 2, hapo pana swali la kuuliza, na bila ukurasa wa mahindi lisingeulizwa.

Liko moja linaloleta ugomvi zaidi ya wizi: wanachama wakisikia faida ni 110,000 wanataka kugawana jioni ileile. Sandukuni fedha zipo, ndiyo, lakini 80,000 kati yake ni za mkulima, na faida yenyewe imo ndani ya deni la shule. Shule ikishindwa kabisa kulipa, kikundi kitaandika 170,000 kushoto mwa ukurasa wa hasara ya madeni na 170,000 kulia mwa ukurasa wa tunaowadai. Faida ya 110,000 itageuka hasara ya 60,000, na kama ilishagawiwa, basi kilichogawiwa kilikuwa mtaji wa wanachama wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kugawana, fungueni ukurasa wa tunaowadai na kumuuliza mhusika wa shule lini analipa.