Kasi ya Uhuru angani

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha siku ya uhuru wake, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru, na kazi yake ilikuwa kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Kwa mwanafunzi wa fizikia, safari yake ni swali zuri: ikizunguka kilomita 550 hivi juu ya ardhi, ilikuwa na kasi gani?

Kitu kinachozunguka hubadili mwelekeo kila nukta, na lazima kani fulani ikivute kuelekea kati. Ukubwa wa kani hiyo ni mv²/r. Kule juu hakuna kamba wala injini inayovuta. Ni mvutano wa Dunia peke yake, yaani GMm/r². Zilinganishe kani hizo mbili, na m, tungamo la setilaiti, litajifuta pande zote mbili. Kinachobaki ni

v = √(GM/r)

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Karatasi ya maswali imesema 550, nao wanaiweka moja kwa moja mahali pa r. Lakini r hupimwa kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo lazima uongeze nusu kipenyo cha Dunia, kilomita 6,370. Jumla ni kilomita 6,920, au mita 6.92 × 10⁶. Zidisha G, 6.67 × 10⁻¹¹, kwa tungamo la Dunia, kilo 5.97 × 10²⁴, upate 3.98 × 10¹⁴. Gawanya kwa r, kisha tafuta kipeuo cha pili: takriban mita 7,580 kwa sekunde.

Ukiugawa mzingo mzima, 2πr, kwa kasi hiyo, unapata sekunde 5,740 hivi, karibu dakika 96 kwa mzunguko mmoja. Huo ndio muda ambao setilaiti za kimo hicho hutumia kweli. Aliyesahau nusu kipenyo cha Dunia atapata mita 26,900 kwa sekunde, na jibu hilo linajikana lenyewe: kitu chenye kasi inayozidi mita 11,200 kwa sekunde karibu na Dunia huondoka moja kwa moja, hakizunguki.

Sasa kani yenyewe. Tuseme setilaiti ina kilo 140. Kwa mv²/r tunapata nyutoni 1,160 hivi, wakati ardhini ingevutwa kwa nyutoni 1,370. Yaani kule juu bado kuna asilimia 85 ya mvutano wa hapa chini. Wanaanga huelea ndani ya chombo si kwa sababu mvutano umekwisha, bali kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku mwendo wao wa pembeni ukiwapitisha kando ya Dunia kila mara.